Mama Mdogo na Kitufe cha Buluu: Masharti Yanapokujia kwa Lugha Usiyoijua

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanachama wenzangu Jumamosi iliyopita. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka nzima kama nilivyoisema, na vichekesho vyake.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Mnanijua kwa kazi ya ufasiri. Leo sikuja kufasiri, nimekuja kuwasimulia kilichompata mama yangu mdogo na simu yake.

Alinipigia katikati ya Agosti, asubuhi na mapema. "Mwanangu, simu yangu imeingiliwa. Kuna maandishi ya kigeni yamekaa mbele ya picha zangu na hayataki kuondoka." Nikamwambia, mama, usibonyeze kitu, nakuja.

Simu ile aliachiwa na mwanawe, ambaye miaka yote aliitumia kwa Kifaransa. Mama mdogo alipoipokea aliibadilisha lugha ikawa Kiswahili, akadhani amemaliza. Hakumaliza. Lugha ya simu ni kitu kimoja, na lugha ya akaunti iliyo ndani ya programu ni kitu kingine. Programu ya kuhifadhia picha ilikuwa bado inamjua kama Mfaransa, na siku ilipobadili masharti yake ikamwandikia Kifaransa. Kidirisha chenyewe kilisomeka hivi, na nawaomba mkiangalie vizuri, kwa sababu tutakaa nacho hadi mwisho:

```
Nous mettons à jour nos Conditions d'utilisation
- Nous avons clarifié la licence que vous nous
  accordez sur vos contenus.
- Nous ne partageons vos données qu'avec nos
  filiales et nos partenaires.
- Votre abonnement est renouvelé par tacite
  reconduction.
- En continuant à utiliser le service après le
  01/09, vous acceptez ces Conditions.
Résumé fourni à titre indicatif.
[Accepter et continuer]   Plus tard
```

Mistari minne, kitufe kimoja kikubwa cha buluu, na pembeni maneno mawili ya kijivu, madogo. Nikamuuliza, mama, hapa ungebonyeza wapi? Akasema, "Hapo kwenye buluu. Hicho cha kijivu kimeandikwa Plus, na mimi Plus najua ni ya kulipia."

Mnacheka, lakini je, amekosea? Ameona neno Plus kwenye huduma ngapi za kulipia? Alitumia akili yake vizuri kabisa, ila lugha ndiyo iliyomsaliti. "Plus tard" maana yake ni "baadaye". Ndicho kitufe pekee pale ambacho hakikumfunga kwa chochote papo hapo, nacho ndicho alichokiogopa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kufasiri ni vitufe, kabla hata ya maelezo. Watu huanza na aya ndefu, wanachoka, halafu wanakisia vitufe. Geuza. Vitufe ndivyo vinavyotenda, maelezo yanasubiri. Na kabla ya hapo piga picha ya skrini, kwa sababu kidirisha kikishafungwa mara nyingi hakirudi, na wewe utataka kukisoma kwa utulivu au kumtumia mtu anayeijua lugha.

Niseme moja kwa haraka nipite: hakikisha kidirisha ni cha kweli. Mwenye huduma anayekuomba ukubali masharti hana haja ya kukuuliza namba ya siri wala namba za kadi hapo hapo. Ukija ujumbe wa barua pepe unaosema "kubali masharti mapya" na kukupeleka kwenye ukurasa wa kuandika nywila, uache. Fungua programu yenyewe kwa mkono wako. Kama masharti yamebadilika kweli, utayakuta humo.

Sasa turudi kwa mama mdogo. Tazameni mstari ule wa chini, "Résumé fourni à titre indicatif". Muhtasari umetolewa kwa kuelekeza tu. Maana yake, ndugu zangu, ni kwamba ile mistari minne si mkataba. Mkataba upo kwingine, kwenye ukurasa mrefu, na ukibonyeza buluu umeukubali huo mrefu, si huu mfupi. Muhtasari ni kama mtu aliyesimama mlangoni anakueleza kilichomo ndani ya nyumba, naye mtu huyo ni wa mwenye nyumba.

Tena si mara moja nimekuta, mwishoni kabisa mwa masharti yaliyofasiriwa, sentensi inayosema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakitofautiana, litakalofuatwa ni la Kiingereza. Unasoma kwa lugha moja, unafungwa kwa nyingine.

Mtauliza, hivi hiyo ni haki? Kuna mahali ambapo jibu limetolewa mahakamani. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya Berlin, iitwayo Kammergericht, iliamua shauri lililofunguliwa na shirikisho la Ujerumani la kutetea watumiaji dhidi ya WhatsApp. Tovuti ilikuwa inazungumza na Wajerumani kwa Kijerumani, lakini masharti yalikuwa kwa Kiingereza. Mahakama ikasema kwamba Kiingereza cha kila siku kinajulikana na wengi, lakini Kiingereza cha mikataba ni kitu kingine, na mtumiaji wa kawaida hategemewi kukijua. Masharti yale yakahesabiwa hayawafungi watumiaji wa Ujerumani hadi yatolewe kwa Kijerumani. Miaka mitano baadaye, mwaka 2021, mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi iliipiga TikTok faini ya yuro 750,000 kwa sababu maelezo ya faragha waliyopewa watoto wa Kiholanzi yalikuwa kwa Kiingereza.

Nawatajia hayo mjue kwamba kulalamikia lugha si ushamba. Lakini msije mkaondoka hapa mkisema "mimi sikuelewa, basi sibanwi". Ule ni uamuzi wa Ujerumani kwa watumiaji wa Ujerumani, na huu ni wa Uholanzi. Mahali pengi, aliyebonyeza amebonyeza.

Nakuja kwenye mstari ninaoupa uzito kuliko yote, na umewekwa wa mwisho: "En continuant à utiliser le service après le 01/09, vous acceptez". Ukiendelea kutumia huduma baada ya tarehe 1 Septemba, umekubali. Umekubali bila kubonyeza. Yaani hata "Plus tard" tuliyoifurahia ina mwisho wake: inakupa siku, haikupi kukataa. Mama mdogo angebonyeza kijivu kila asubuhi hadi Septemba, na siku ya pili ya mwezi angefungua picha ya mjukuu wake, na mkataba ungekuwa umekamilika.

Kila kidirisha cha namna hii kina majibu ya maswali mawili, na ndiyo ninayotafuta kabla ya kingine chochote: ni lini, na nikikaa kimya itakuwaje? Ukimya una aina zake. Kuna ukimya unaohesabiwa kuwa kukubali, kama huu. Kuna ukimya unaokufungia mlango mpaka ubonyeze. Na kuna ukimya ambao hauleti kitu.

Mnakumbuka Januari 2021, WhatsApp ilipoleta kidirisha cha sera mpya ya faragha? Kilisema watu wakubali ifikapo tarehe 8 Februari ili waendelee kutumia. Watu wakaingiwa na hofu, wengi wakahamia Signal na Telegram. Kampuni ikasogeza tarehe hadi 15 Mei. Mei ilipofika, ikasema wasiokubali hawatafutiwa akaunti, ila huduma zitapungua kidogo kidogo. Kabla mwezi haujaisha ikasema hata hilo haitalifanya kwa wakati huo. Waliobonyeza Januari kwa hofu ya kupoteza akaunti walikuwa na miezi minne ya kusoma bila kujua. Sisemi kila tarehe husogezwa, nyingi hazisogezwi. Nasema tarehe inakuambia una muda gani wa kusoma, basi utumie wote.

Na tarehe yenyewe isome kwa macho mawili. "01/09" kwa Mfaransa ni tarehe 1 Septemba. Kampuni ya Kimarekani ikiandika vivyo hivyo inamaanisha tarehe 9 Januari, maana wao hutanguliza mwezi. Programu ya kufasiri haigusi tarakimu hizo, inakuachia kama zilivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuachia siku ya kujiondoa inipite kwa kosa hilo, na mimi ndiye mfasiri wa familia.

Haya, mstari wa kwanza. "Nous avons clarifié la licence." Tumefafanua leseni. Ndugu zangu, mkiona kitenzi "tumefafanua", kaeni chonjo. Mwandishi wa muhtasari akiandika "tumeongeza" au "tumeondoa", anakuonyesha kitu. Akiandika "tumefafanua", anakuambia hakuna kilichobadilika, huku maneno yamebadilika. Pengine ni kweli kwamba hakuna jipya. Lakini huwezi kujua mpaka uyaone maneno.

Na neno lenyewe, leseni, kwa Kiswahili linatupoteza. Tunasikia leseni tunafikiria ya udereva au ya biashara, karatasi tunayopewa na mkubwa. Hapa mwenye kutoa leseni ni wewe. Ni ruhusa unayoipa kampuni juu ya picha zako. Nami nataka tuwe waadilifu: ruhusa hiyo lazima iwepo. Kampuni inayokuhifadhia picha inahitaji ruhusa yako ili iweke nakala kwenye seva zake, itengeneze zile picha ndogo za orodha, na imwonyeshe dada yako albamu uliyomgawia. Kwa hiyo ukikuta "leseni ya dunia nzima, isiyo na malipo", usipige kelele bado. Kazi isingewezekana bila hiyo. Tafuta vitu viwili: ruhusa hii ni kwa ajili ya nini, na inakoma lini.

Tulifungua ukurasa mrefu wa mama mdogo, tukatafuta neno "licence" kwa ile nafasi ya kutafutia maneno ndani ya ukurasa. Tukakuta vitenzi vitatu: "exploiter, améliorer et promouvoir le service". Kuendesha huduma, kuiboresha, na kuitangaza. Kuendesha, sawa. Kuiboresha, tuliuliza kwa njia gani, na tukakuta mashine zinapitia picha ili zitambue sura na vitu. Kuitangaza! Yaani picha ya mama mdogo na wajukuu inaweza kuwa tangazo la programu. Neno moja, la tatu katika orodha, na kwenye muhtasari halikuwepo kabisa. Kuhusu kukoma, iliandikwa kwamba ruhusa inakwisha ukifuta picha, isipokuwa nakala zilizokwisha gawiwa wengine. Hilo niliona ni la haki.

Juni 2024 jambo kama hili liliwakuta wanaotumia Photoshop. Walifungua programu wakakuta kidirisha ambacho bila kukikubali hawaendelei na kazi. Kilieleza kwamba kampuni ya Adobe imefafanua kuwa inaweza kufikia kazi za watumiaji kwa njia za mashine na kwa njia za watu. Wachoraji na wapiga picha, wengine wakiwa na kazi za siri za wateja, wakaona picha zao zinachunguliwa. Kampuni ikajieleza kwamba haidai umiliki wala haifundishii mashine zake za kuchora kwa kazi za wateja, na tarehe 18 mwezi huo huo ikatoa masharti yaliyoandikwa upya. Linalonivutia mimi ni kwamba maneno yaliyozua ghasia yalikuwepo tangu Februari. Hayakuonekana mpaka kidirisha kilipoyaleta mbele ya macho ya watu.

Tuingie mstari wa pili, na hapa nitawaomba subira kidogo kwa sababu ni eneo langu.

"Nous ne partageons vos données qu'avec nos filiales et nos partenaires." Mpwa wangu mmoja alikuwepo, amesoma Kifaransa mihula miwili. Akatuambia kwa uhakika, "Hapa pazuri. Wamesema ne, na ne ni kukanusha. Hawagawi data." Mama mdogo akashusha pumzi.

Ndugu zangu, "ne" peke yake inaonekana kukanusha, lakini ikifuatwa mbele na "que", ambayo hapa imekatwa ikawa "qu'", inageuka kuwa "tu". Sentensi inasema: tunagawa data zako kwa kampuni zetu tanzu na washirika wetu tu. Wanagawa! Tena wanagawa kwa watu wasiotajwa majina. Herufi mbili, "qu", zilizokaa katikati ya mstari, zimegeuza hapana kuwa ndiyo. Lugha nyingi zina mitego ya aina hii, na mingi imekaa kwenye maneno mafupi: tu, isipokuwa, hadi, bila. Ukifasiri nenoneno utaanguka. Chukua sentensi nzima, hata aya nzima, uipe programu ya kufasiri. Halafu ipe programu ya pili. Zikikubaliana, endelea. Zikitofautiana, umepata mahali penye shimo, na hapo ndipo pa kumwita mtu. Kama unajua lugha nyingine zaidi ya Kiswahili, fasiri kwa hiyo pia, maana mtego unaojificha katika lugha moja hujitokeza katika nyingine.

Na Kiswahili chetu kina mtego wake. Tulipoingiza mstari ule, programu ilitupa "washirika wetu na washirika wetu". Mara mbili! Mama mdogo akasema imekosea, imerudia. Haikurudia. "Filiales" ni kampuni zinazomilikiwa na kampuni ile ile, watoto wa mama mmoja. "Partenaires" ni watu wa nje wanaofanya nao biashara, wakiwemo watangazaji. Wote tunawaita washirika. Lakini je, kumpa data mtoto wa nyumba na kumpa mpita njia ni sawa? Kila ukikuta "washirika" katika masharti ya Kiswahili, uliza ni wepi. Rudi kwenye lugha ya asili uone kama ni neno moja au mawili, kisha fuata kiungo cha orodha yao. Pasipo na orodha, hesabu kwamba ni yeyote.

Mstari wa tatu nitaupitia upesi. "Tacite reconduction." Programu ilisema "kuongezwa kimyakimya", mama mdogo akafurahi: "Kimyakimya ni vizuri, hawatanisumbua." Ni malipo yanayojirudia yenyewe kipindi kikiisha, mpaka uyasitishe wewe. Tafuta inajirudia lini, kwa bei gani, na usitishe siku ngapi kabla. Basi.

Mnaona nimewaambia mambo ya muhtasari tu. Lakini kuna neno ambalo kwa mama mdogo halikuwepo, na kwenu likija kwa Kiingereza litakuwepo mara nyingi, hasa kwa kampuni za Marekani. Neno hilo likifasiriwa kwa Kiswahili linapendeza kupita kiasi. Neno ni usuluhishi.

Ukiambiwa "migogoro itamalizwa kwa usuluhishi", unaona nini? Unaona wazee wamekaa, kila mmoja anasikilizwa, mnatoka mmepeana mikono. Sivyo. Usuluhishi unaokusudiwa ni kwamba umekubali kutokwenda mahakamani. Mwamuzi wa binafsi atasikiliza na kuamua, uamuzi wake unawafunga, na nafasi ya kukata rufaa ni finyu sana. Kiswahili kinatumia neno hilo moja kwa kupatanisha na kwa kuamua, na katika kufasiri ile sauti tamu ya kupatanisha ndiyo inayobaki. Mara nyingi linafuatana na sentensi nyingine, kwamba hutajiunga na wenzako kushtaki kwa pamoja. Hiyo nimewahi kuikuta imefasiriwa "unaachilia haki ya hatua ya darasa". Hatua ya darasa! Nani angejua kwamba hapo kuna haki ya mahakamani inaondoka?

Mwaka 2024 huko Florida ilionekana neno hili linavyoweza kufika mbali. Mwanamume mmoja alishtaki kwa kifo cha mkewe, aliyefariki mwaka 2023 baada ya kula katika mgahawa uliokuwa ndani ya eneo la Disney, akiwa na mzio wa chakula. Mawakili wa Disney wakasema shauri liende kwenye usuluhishi, na moja ya sababu zao ni kwamba mwaka 2019 yule bwana alijiandikisha kwa majaribio kwenye Disney+, huduma ya filamu, akakubali masharti. Filamu na mgahawa! Watu waliposikia wakashangaa, na Agosti 2024 kampuni ikaiondoa hoja hiyo, shauri likaachwa liendelee mahakamani. Mahakama haikupata nafasi ya kusema kama hoja ilikuwa na nguvu, kwa hiyo tusimalize kwamba ingeshinda au ingeshindwa.

Ila kuna dirisha dogo. Masharti mengi yenye kifungu hicho yanakupa siku za kujiondoa humo, mara nyingi siku 30 tangu ulipokubali, kwa kutuma barua au barua pepe ukisema huukubali usuluhishi. Akaunti yako inabaki kama ilivyo. Muhtasari hautaji siku hizo ila kwa nadra. Tafuta kwenye ukurasa mrefu: kwa Kiingereza "arbitration" na "opt out", kwa Kifaransa "arbitrage", kwa Kihispania "arbitraje".

Kuhusu kuupata ukurasa mrefu kwa lugha yako: shuka chini kabisa ya tovuti, mara nyingi kuna mahali pa kuchagua lugha. Tovuti nyingine zinaweka lugha kwenye anwani yenyewe. Masharti ya Google, kwa mfano, ukifungua

```
https://policies.google.com/terms?hl=sw
```

zile herufi mbili za mwisho ndizo zinazoomba Kiswahili. Lakini angalia: kubadili lugha si kubadili nchi. Unaweza kusoma Kiswahili safi cha mkataba uliotungwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Tafuta mstari unaotaja nchi, au jina la kampuni unayofunga nayo mkataba. WhatsApp kwa walio Ulaya ni kampuni ya Ireland, kwa wengine ni ya Marekani, na haki zinazokuja na moja si zile zinazokuja na nyingine.

Mama mdogo aliamuaje? Hakukataa. Picha zake zote ziko mle. Tulianza kwa kupakua nakala zote, kazi iliyochukua usiku mzima kwa sababu ya mtandao. Kisha tukaingia kwenye mipangilio tukakuta swichi ya kuruhusu picha zitumike katika matangazo, imewashwa tayari. Tukaizima. Tukasitisha malipo ya kujirudia. Tukabadili lugha ya akaunti. Ndipo akabonyeza buluu, tarehe 29 Agosti, kwa kidole chake mwenyewe, na akataka nipige picha wakati anabonyeza.

Nachukua swali moja. Naam, mzee pale nyuma. Anauliza: "Sisi tuliokwisha bonyeza je?"

Mzee wangu, hapo kuna kazi bado. Tafuta barua pepe waliyokutumia siku uliyobonyeza, ina tarehe, na siku za kujiondoa kwenye usuluhishi zinahesabiwa kuanzia hapo. Ingia mipangilio ya faragha, zima ulichoona hukukitaka. Sitisha malipo ya kujirudia leo, usingoje mwisho wa mwezi. Kwa kawaida huduma uliyokwisha lipia inaendelea mpaka kipindi chake kiishe. Ulichokwisha gawa kwa washirika hakirudi, nisikudanganye. Na ile simu uliyoishika mkononi tangu nianze kuongea, ilete hapa mbele nikimaliza. Naona kutoka hapa kwamba kuna kidirisha bado kimefunguka, na kimeandikwa Kireno.